Karatasi ya Sheha na Hukumu ya Kadhi si Kitu Kimoja

Leo nataka tuzungumze suluhu. Tunaambiwa kila siku kwamba mambo ya nyumba yamalizwe nyumbani, lakini ni wachache wanaotwambia vipi suluhu ile inapata nguvu ya sheria.

Ndugu yangu, mtoto wa mama mdogo, aliachika akiwa na watoto wawili. Mahari yake yalikuwa shilingi 1,500,000. Siku ya ndoa alipewa 500,000, na 1,000,000 ikabaki deni. Eda ilipokwisha akaanza kudai deni lake na matunzo ya watoto. Hakutaka kesi, kwa sababu watoto watamhitaji baba yao baada ya kesi kwisha.

Dini yetu imeweka njia. Surat An-Nisaa, aya ya 35, inataja mwamuzi kutoka kwa watu wa mume na mwengine kutoka kwa watu wa mke, mvutano unapoingia baina yao. Aya ile inawahusu walio kwenye ndoa, lakini wazee wetu walifuata mtindo huo huo. Kwetu alikwenda baba yetu mdogo, na kwao akaja mjomba wake. Wakakaa vikao vitatu.

Mume alianza kwa kusema atatoa 600,000 na deni liishe. Ndugu yangu alitaka yote kwa mkupuo. Baba mdogo akamuuliza mume swali moja tu: mshahara unaingia lini, na unabaki kiasi gani ukishalipa kodi ya nyumba? Hapo mazungumzo yakageuka. Ikaonekana hakatai deni, ila hana milioni moja mkononi. Wakakubaliana atalipa zote kwa mafungu manne ya 250,000 kila mwisho wa mwezi, na kila mwezi 120,000 za watoto, mbali na ada ya skuli.

Kwa sheha zikaandikwa, wakatia saini. Wengi wetu tunaishia hapo. Karatasi ile ni ushahidi kwamba mlikubaliana, lakini si hukumu. Akiacha kulipa, sheha hana uwezo wa kumkata mshahara. Utalazimika kufungua madai na kuanza kuthibitisha upya kile alichokwisha kukikubali.

Kwa hiyo walipiga hatua moja zaidi. Ndugu yangu alifungua madai Mahkama ya Kadhi, ambayo kwa sheria ya Zanzibar ya mwaka 2017 inasikiliza mambo ya ndoa, talaka, matunzo na watoto. Makubaliano yaliyotiwa saini na wote wawili yakawekwa ndani ya jalada. Siku ya kuitwa, Kadhi aliyasoma kwa sauti, akamuuliza kila mmoja: umeyafahamu? Umeridhia bila ya kulazimishwa? Wote wakajibu ndiyo. Akayaandika kuwa hukumu ya maridhiano. Kuanzia hapo ni sawa na hukumu iliyotoka baada ya kesi ndefu.

Faida yake ilionekana mwezi wa tatu. Mafungu mawili yalilipwa, la tatu halikuja. Baba mdogo alikuwa amesisitiza liandikwe sharti kwamba fungu moja likikosekana, deni lote lililobaki linadaiwa papo hapo. Basi ndugu yangu hakwenda kuomba suluhu nyengine. Aliomba Mahkama ikaze hukumu yake kwa 500,000 zilizobaki, zikatwe kwenye mshahara. Mume alipopata wito akalipa kabla ya mshahara kuguswa.

Sasa mtazame maneno. Lau wangeandika "atasaidia watoto kadiri ya uwezo wake", Kadhi angekaza nini? Hukumu hukazwa kwa kiasi, tarehe na jina la anayelipa. Na hukumu ya maridhiano si rahisi kuivunja. Kujuta hakutoshi, mpaka uthibitishe kwamba ulidanganywa au ulitishwa. Kwa hiyo usitie saini usichokisoma, na kama kusoma ni shida, mtake mtu wako akusomee polepole. Matunzo ya watoto peke yake huweza kurudishwa Mahkamani hali ikibadilika, kwa kuwa haki ile ni ya mtoto, wala mama hawezi kuiuza ili apate mahari yake.

Na si kila jambo linakaa kwenye mkeka wa wazee. Kipigo na udhalilishaji ni jinai, na mahala pake ni polisi. Anayeogopa kusema mbele ya mume hafanyi suluhu. Anakubali tu ili atoke salama.

Nanyi bibi harusi wangu, mahari ya deni yaandikwe kwenye cheti cha ndoa kwa tarakimu na kwa maneno. Siku ikifika ya kuyadai, wapatanishi wataanza na kiasi kisichobishaniwa.

Wabillahi tawfiq.