Chumba Tulichokilipia

Bado najiuliza: mtu aliyelipia chumba akakikosa, anadai nini hasa? Desemba ile tulifika Diani jioni, mimi, mama na wanangu, tukiwa na vocha ya wakala wa safari: malazi ya siku nne, chumba kinachotazama bahari, shilingi 56,000 zilizokwisha kulipwa kwa M-Pesa. Dada wa mapokezi alilitafuta jina letu kwa muda mrefu, kisha akasema kwa upole kwamba hoteli imejaa.

Mawazo yangu yalikimbilia kwamba hoteli imekiuza chumba mara mbili. Dada yule ndiye aliyenifumbua macho. Namba iliyoandikwa kwenye vocha ilikuwa ya wakala, haikuwa ya hoteli. Hoteli humshikia wakala vyumba hadi tarehe waliyokubaliana. Ikipita hajalipa, vyumba huuzwa kwa wengine, na Desemba chumba hakilali kitupu. Nilimwomba aniandikie hayo kwenye karatasi yenye nembo ya hoteli: siku chumba kilipoombwa na siku kilipofutwa. Naamini karatasi hiyo ndiyo iliyoyabeba madai yote, maana bila hiyo wakala angeilaumu hoteli, hoteli imlaumu wakala, nami nibaki katikati.

Wakala alitupatia nyumba ya wageni mbali na ufuo, ya shilingi 8,000 kwa siku. Nilisita. Nikiingia, je, nitakuwa nimeridhia? Lakini watoto walikuwa wamechoka. Nilikubali, nikamwandikia ujumbe papo hapo kwamba tunalala huko kwa kukosa pengine, na tofauti ya bei tutaidai.

Barua niliyomtumia baadaye ilikuwa fupi. Niliambatanisha vocha, ujumbe wa malipo na karatasi ya hoteli. Tofauti ya shilingi 6,000 kwa siku nne ni 24,000. Teksi ya kutuhamisha ilikuwa 1,500. Nikampa njia mbili: arudishe shilingi 25,500 ndani ya siku 14, au atupatie siku nne nyingine katika hoteli ile ile, na mara hii nipate namba ya uthibitisho kutoka hotelini kwenyewe. Asipochagua, ningekwenda Mahakama ya Madai Madogo, ambayo hapa Kenya husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1, na mdai anaweza kujisemea bila wakili.

Pesa zilirudi. Lakini mama alikuwa na hamu ya kuamka aione bahari dirishani, na hilo sikuliandika, kwa kuwa sikujua nilitie bei gani. Kuna siku naona nilifanya vyema, kwani dai lenye hesabu ndilo linalojibika. Siku nyingine naona nilimwachia wakala lile lililotuuma zaidi. Leo ningemwandikia sentensi moja juu ya mama, bila kudai hata senti, ili tu ajue alichokiuza kilikuwa nini. Kama ingembadilisha, sijui.