MANENO CHINI YA PICHA

Mgeni ni kuku mweupe, walinena wahenga, na siku hizi kuku huyo hujipiga picha mwenyewe. Sisi wakazi wa Likoni, na wenzetu wa Kisauni na Changamwe, ni nadra kukosa jamaa aliyeko Uarabuni au Ulaya, na picha zake twaziona karibu kila juma. Lakini mimi, msomaji mpendwa, leo sizungumzii picha. Nazungumzia yale maneno machache yanayoandikwa chini yake, ambayo darasani kwetu huitwa kapsheni, na ambayo wengi huyapita kama matatu iliyojaa ipitavyo kituo.

Shangazi yangu alikwenda Maskati, Oman, mwanzoni mwa mwaka 2024 kufanya kazi ya nyumbani kwa mkataba wa miaka miwili. Ijumaa ndiyo siku yake ya kupumzika, na Ijumaa jioni ndipo alipokuwa akiweka picha kwenye stetasi ya WhatsApp. Sasa tatizo likawa hili: stetasi hudumu saa 24 tu kisha hutoweka, na nyanya yangu, ambaye ndiye mama yake shangazi, ana kabambe isiyoweza kuonyesha picha yoyote. Kwa hivyo kazi yangu ikawa kumwonyesha picha kwenye simu ya baba na kumsomea maneno. Mara ya tatu au ya nne akaniambia, "Mbona maneno ya mwanangu yafe kesho? Andika." Nikatoa daftari la kurasa 96 nililokuwa nimeliwekea hesabu, nikaanza kunakili. Neno kwa neno, na tarehe.

Nyanya hakusoma shule, lakini kusoma maneno ya picha ananishinda mimi na walimu wangu (waniwie radhi). Elimu hiyo ameitoa kwenye leso. Kila mtu wa pwani ajua leso ina sehemu tatu: pindo linalozunguka, mji ulio katikati, na jina, yaani yale maneno yaliyoandikwa sehemu ya chini. Leso nyingi sandukuni mwake zina ile alama ya "Mali ya Abdulla", ya duka la Kaderdina Hajee Essak lililoanzishwa hapa Mombasa mwaka 1887. Nyanya husema mtu hanunui leso kabla ya kusoma jina, kwa sababu pindo na mji huwaonyesha watu wote, lakini jina lina mwenyewe anayeambiwa. Mke mwenza hupita akaona maua mazuri, kumbe jina lamsema yeye. Basi na picha ya shangazi ni vivyo hivyo. Picha ni mji. Maneno ni jina. Swali la kwanza la nyanya kila Ijumaa halikuwa "amevaa nini?" bali "amwambia nani?"

Zamani swali hilo halikuwa na maana sana. Babu, aliyekuwa baharia wa meli za mizigo, alituma picha za karatasi, na maneno aliyaandika nyuma kwa kalamu ya wino. Iko moja ambayo nyanya ameihifadhi kwenye mkebe wa biskuti: "Karachi, 1974. Wa pili kutoka kushoto ni mimi. Joto ni kama la kwetu lakini upepo hakuna." Basi, hana haja ya fumbo! Bahasha ilikuwa na jina la mke wake, na asiyeigeuza picha hakuyaona maneno. Shangazi naye maneno yake yako mbele. Yanasomwa na mamake, na rafiki zake wa Mtongwe, na mwenye duka anayemdai, na mwajiri wake pia akitaka. Hisia moja aipitishe mbele ya macho yote hayo. Ndiyo maana kapsheni za watu walioko mbali mara nyingi zaonekana nyepesi kuliko zilivyo.

Chukua fahari kwanza. Ijumaa moja ya Machi 2024 alipiga picha kwenye duka moja kubwa la vioo, sakafu yang'aa mpaka waona kivuli chake, akaandika, "Mungu ni mwema, maisha yamenyooka." Kabla hatujalala alikuwa ameletewa jumbe tano: wa karo, wa simu mpya, wa mchango wa harusi, na wengine wawili waliomsalimu tu kwa kuanzia. Alinieleza baadaye kwamba picha ya fahari ina kodi yake. Tangu hapo akabadilisha neno, akawa anaandika "si haba". Tazama neno hilo vizuri. Halisemi nina kingi, wala halisemi sina. Ni fahari iliyokunja mikono. Picha nyingine alisimama Matrah, pale ufuoni ambapo barabara yafuata maji, amejifunga leso juu ya nguo zake, akaandika, "Leso ya kwetu, bahari ni ile ile. Si haba." Hakuna aliyemwomba senti. Nyanya alipoisikia alitabasamu, akasema hiyo yeye ndiye aliyeambiwa, maana leso yenyewe ni yake.

Hamu ya nyumbani yeye huiandika kwa njia nyingine. Nimelipekua daftari lote na neno "nimewakumbuka" limo mara mbili tu. Badala yake hutaja kitu. "Leo ningesimama foleni ya feri bila kununa." "Saa hizi viazi karai vyatoka mafutani." Hiyo ya viazi aliiandika saa kumi na mbili jioni ya kwao, na kwetu ilikuwa saa kumi na moja, kwa maana Oman wametutangulia kwa saa moja. Alikuwa amepiga hesabu! Nyanya akasema mtu anayetaja saa hakumbuki tu, yuko hapa kabisa, mwili ndio umebaki kule.

Sasa nije kwenye ile iliyonifanya niandike makala haya.

Ilikuwa Ijumaa ya mwezi wa Februari mwaka 2025. Shangazi aliweka picha amekaa peke yake kwenye benchi kando ya bustani yenye taa, nyuma yake majengo meupe mazuri. Maneno yalikuwa mawili: "Ukiwa Maskati." Na nukta.

Binamu zangu walifurahi sana. Mmoja akajibu kwa vikaragosi vya kucheka na kuandika, "Ukiwa Maskati raha tupu, malizia basi!" Mwingine akaandika, "Ukiwa Likoni wakanyagwa tu kwa feri." Kila mtu alidhani ni sentensi iliyokatwa njiani, kwamba mtu akiwa Maskati basi mambo yake ni mazuri. Nilimsomea nyanya. Akanyamaza. Kisha akauliza, "Ameendelea?" Nikamwambia hapana, kuna nukta. Akasema, "Basi hiyo si ukiwa ya kuwa. Hiyo ni ukiwa ya kuachwa. Mpigie simu mwanangu sasa hivi."

Jamani, nilipigwa na butwaa. Ni kweli Kiswahili kina maneno mawili hapo yanayoandikwa sawa na kutamkwa sawa. Liko "ukiwa" la kitenzi, kama "ukiwa na njaa, kula", na hilo halikai peke yake, lazima lifuatwe na jambo. Na liko "ukiwa" ambalo ni jina, yaani hali ya upweke, ya mtu kubaki bila watu. Hilo laweza kusimama na nukta likawa limekamilika. Mwalimu wetu hutufundisha maneno ya namna hii kwa ajili ya mtihani. Shangazi alikuwa amejificha ndani yake.

Tulimpigia. Mwanzo alisema yuko salama, kisha akalia. Katika nyumba ile alimokuwa akifanya kazi kulikuwa na bibi mzee aliyezaliwa Unguja. Wako wengi wa namna hiyo Oman. Kuna walioondoka Zanzibar baada ya mapinduzi ya mwaka 1964, na wengi walirejea baada ya Sultani Qaboos kushika utawala mwaka 1970 na kuwaita Waomani waliokuwa nchi za nje. Watu hao walikwenda na Kiswahili chao, na mpaka leo wazee wao wanakizungumza. Bibi huyo ndiye aliyekuwa akimwamsha shangazi kwa "hujambo mwanangu" kila asubuhi. Walipika pamoja wakibishana, mmoja akitaka kiunguja na mwingine kimvita, hata jina la sufuria. Alikuwa amefariki siku nane kabla ya ile picha. Vijana wa nyumba ile ni watu wema, alisema, lakini lugha yao ni Kiarabu, na yeye alikuwa hajatamka neno la Kiswahili kwa mdomo tangu siku ya mazishi. Hilo angeliandikaje kwenye stetasi? Angewaliza wenye msiba wake wakidhani awalalamikia, na huku angemtia nyanya hofu ya bure. Akaandika maneno mawili akangoja nani atayasoma.

Tangu siku hiyo na sisi tukaanza kumtumia picha, na kapsheni nilipewa mimi. Ya kwanza nilituma picha ya Fort Jesus jua likitua, nikaandika maneno matamu ya "Mombasa raha". Akajibu, "Hiyo iko kwenye kalenda." Nyanya akanielekeza jikoni, nikapiga picha sufuria ya mbaazi, na maneno akayatoa yeye: "Nazi mbili. Tui jepesi limechemkia, zito tumelitia mwisho. Chumvi umeidaiwa wewe." Majibu yalirudi kwa sauti, dakika sita nzima, kwamba kule yeye hutumia tui la mkebe ilhali Salala, kusini mwa nchi hiyo hiyo, minazi imejaa tele, na kwamba chumvi atakuja kuilipa. Alikuwa akicheka.

Daftari limebakiwa na kurasa tisa. Kapsheni ya mwisho ni ya Oktoba 2025, chini ya picha ya sanduku jekundu lililo wazi juu ya kitanda, bado tupu. Ameandika: "Nangoja kaskazi." Binamu yangu akauliza kwani shangazi amekuwa mvuvi? Nyanya hakumjibu. Huo ndio upepo uliokuwa ukileta majahazi ya Uarabuni hadi Mombasa, nao huanza kuvuma kuelekea Desemba. Alikwenda kuifungua ile kamba ya nguo, akaanua shuka za chumba cha nyuma, akaniambia nimsaidie kuzikunja.