Unashukia Wapi?

Kwetu, ukitoka Kericho kuteremka barabara ya Sotik, watu wanaisema Nairobi kama nukta moja. "Amefika Nairobi," wanasema, halafu wanaanza kuhesabu saa za mtu kufika nyumbani. Lakini anayetua Jomo Kenyatta hajafika Nairobi. Amefika Embakasi, kilomita kama kumi na tano kutoka katikati ya jiji, na bado hajaliona gari la kwao. Gari la Kericho lina steji yake, na la Bomet lina yake. Kazi yote ya asubuhi hiyo ni kuitoa mizigo kwenye mlango wa uwanja wa ndege na kuifikisha kwenye mlango wa gari hilo, ikiwa kamili.

Mimi ndiye huulizwa. Niliacha chuo mwaka wa tatu, nikarudi nyumbani bila cheti lakini na ramani ya mji kichwani. Siku hizi naandikia watu makala, na mtu wa ukoo akitua usiku, simu inayolia ni yangu. Mwaka jana alikuwa dada yangu, anatoka Doha baada ya miaka miwili ya kazi za nyumba, na masanduku mawili ya kilo ishirini na tatu kila moja. Ndani kulikuwa na blanketi ya kogo, viatu vya watoto, na simu tatu za watu waliokuwa wamemtumia pesa awanunulie. Ndege ilikuwa itue saa kumi na moja alfajiri. "Nipande nini?" akaniuliza. Nikamwambia hilo ni swali la pili. La kwanza ni unashukia wapi.

Tuanze na treni, kwa sababu ndiyo watu huipenda wakiisikia. Reli haifiki kwenye majengo ya abiria ya Jomo Kenyatta. Stesheni iliyo karibu ni Syokimau, iliyofunguliwa Novemba 2012, na mwaka 2017 kituo kikuu cha SGR kikafunguliwa huko huko. Kutoka uwanja wa ndege mpaka pale lazima utafute gari kwanza, kwa hiyo safari moja imekuwa mbili na mizigo umeibeba mara mbili. Na treni za kuingia mjini zimepangwa kwa ajili ya watu wa kazi: asubuhi zinaelekea mjini, jioni zinatoka. Ukitua saa nane mchana, reli ni kama haipo. Ukishuka kwenye SGR kutoka Mombasa, hapo ni hadithi nyingine, kwa sababu kuna treni ya kuunganisha inayokungoja.

Lakini sasa angalia inapokushusha. Treni inaishia Stesheni Kuu ya Nairobi, pale Moi Avenue inapokutana na Haile Selassie. Ukitoka nje, dakika chache kwa miguu uko kwenye ofisi ya Easy Coach, basi la Kericho na Kisumu. Hakuna kupita River Road, hakuna mkokoteni wa kukukanyaga. Yaani treni ina mahali pabaya zaidi pa kupandia na mahali pazuri zaidi pa kushukia. Kijana mwenye begi moja la mgongoni, aliyetua alfajiri siku ya kazi, ningemwambia aende Syokimau bila kusita. Dada yangu na kilo arobaini na sita, katikati ya watu wanaokimbilia kazini wamesimama bega kwa bega? Hapana.

Basi ni namba 34. Hili linaingia mpaka uwanja wa ndege, na nauli yake haiumizi mtu. Linapita kwenye msongamano wa kawaida, chini, pamoja na kila mtu, kwa hiyo asubuhi usilipangie dakika. Mwisho wake unaojulikana ni upande wa Ambassadeur, Moi Avenue. Hapo uko katikati kabisa: ukiteremka kuelekea stesheni unafika Easy Coach, na ukikata kuelekea River Road unafika Nyamakima, ambako matatu za Nakuru na za kwetu hujaza. Kila upande ni kama dakika kumi au kumi na tano za miguu. Bila mzigo hizo dakika ni bure. Ukiwa na masanduku mawili ya magurudumu, ndipo utakapoitiwa mbebaji usiyemjua, na sanduku lako litatangulia mbele kuliko wewe.

Kuna jambo lingine kuhusu basi. Msongamano ukizidi, kondakta anaweza kuwashusha watu kabla ya mwisho, mara nyingi upande wa Muthurwa, gari ligeuze lirudi kutafuta abiria wengine. Huwezi kulijua hilo kwa kusoma kibao cha dirishani. Unaulizia kabla ya kulipa: "Mnafika Ambassadeur, ama mnageuzia Muthurwa?" Akijibu "tunafika mjini" tu, hajajibu. Muthurwa pia ni mjini.

Teksi ndiyo inayosifiwa kwamba inakufikisha mlangoni. Ni kweli nusu. Dereva atakuuliza, "Tupitie juu ama chini?" Juu ni Nairobi Expressway, iliyofunguliwa 2022, kutoka Mlolongo mpaka Westlands, na ushuru wake ni juu yako. Barabara ile haiingii mjini. Inapita ukingoni, na kila njia ya kutokea inakuweka upande wake. Ukitokea Museum Hill wakati basi lako liko Railways, unarudi kuuvuka mji mzima kwenye msongamano ule ule uliolipa kuukwepa. Na ukimwambia dereva "Nyamakima," wengi watataka kukuacha pembeni, maana gari dogo likiingia kati ya matatu na mikokoteni, kutoka ni shida. Teksi inakufikisha mlangoni ikiwa mlango uko kwenye barabara ambayo teksi inaweza kusimama.

Kwa hiyo tulimchagulia dada mlango kwanza. Tuliacha Nyamakima, ingawa matatu ya huko inawahi kuondoka ikijaa, tukachukua basi la Haile Selassie, ambako gari linaweza kusimama mbele ya ofisi na masanduku yakaandikwa tiketi. Nilimkatia nafasi siku moja kabla. Kwa dereva alipewa sentensi moja tu: Easy Coach, Haile Selassie, karibu na Railways. Alitoka nje ya uwanja saa kumi na mbili na nusu, na teksi ilimgharimu kuliko tiketi ya kwenda Kericho. Alilalamika kidogo. Hesabu yangu ilikuwa kwamba alikuwa ananunua mita mia nne za mwisho, zile ambazo sanduku hupotelea.

Angekuwa anaenda Bomet mjini, ningempangia vingine. Magari ya huko huachana na ya kwetu Rironi na kuteremka Mai Mahiu kwenda Narok, na mengi hupakia upande wa River Road, kwa hiyo stesheni isingemsaidia. Ndiyo sababu jirani zetu wengi wa Bomet hukodisha gari zima kutoka nyumbani: linafika uwanja wa ndege, linashika Southern Bypass mpaka Kikuyu, na mgeni hauoni mji kabisa. Wakiwa watu saba wa kumpokea, wakichanga mafuta, si ghali kama inavyosikika.

Masanduku yote mawili yalifika Kericho saa nane mchana. Kogo alijifunika blanketi yake jioni hiyo hiyo, na Julai kwetu ni baridi.