Sarafu Hazijapotea, Soma Saa Kwanza

Wadau, Machi 2024 nilikaribia kuibiwa nikiwa nimekaa tu kitandani hapa Nanyuki. Nilikuwa nimefungia ATOM 40 kwa validata mmoja wa Cosmos Hub ili zizae kidogo kidogo. Kwangu hizo zilikuwa pesa za kamera. Tangu niache chuo, mama huniuliza kila wiki kazi yangu ni gani hasa, na kamera ndiyo ingekuwa jibu.

Tarehe 3, saa tatu na dakika arobaini usiku, nikabonyeza Undelegate. Asubuhi pochi inasoma sufuri, na kule kwa validata pia sufuri. Nikalia kwenye kikundi kimoja cha gumzo. Dakika tano hazijaisha, jamaa ananiandikia pembeni: "Nitumie yale maneno 24 nikufungulie."

Bahati nzuri, kabla sijamjibu nilituma amri hii kwa laptopu, nikiweka anwani yangu:

```
gaiad query staking unbonding-delegations cosmos1...
```

Majibu yalikuwa haya:

```
initial_balance: "40000000"
balance: "40000000"
completion_time: "2024-03-24T18:40:00Z"
```

ATOM moja ni vipande milioni moja, kwa hivyo zote 40 zilikuwepo. Zilikuwa zimetoka kwa validata lakini hazijafika kwa pochi. Cosmos Hub hukuwekesha siku 21, na siku hizo hupati riba wala huwezi kutuma. Sababu ni kwamba validata akigunduliwa alikosea wakati sarafu zako zilikuwa zinamdhamini, nawe unakatwa. Ndiyo maana kuna mistari miwili: `balance` ikiwa ndogo kuliko `initial_balance`, umekatwa.

Ile Z mwishoni ni saa ya UTC. Ongeza saa tatu upate saa yetu. Yangu iliisha tarehe 24, saa tatu na dakika arobaini usiku, na ATOM zikaingia zenyewe bila kubonyeza chochote. (Polkadot ni tofauti: muda ukiisha, lazima uzitoe mwenyewe.)

Sasa, shida ya kweli ni lini? Kama rekodi hiyo haipo kabisa na siku bado, angalia kama Undelegate ilifeli, maana sarafu zitakuwa bado kwa validata. Kama muda umepita, rekodi imeondoka na pochi haijapanda, soma historia ya anwani yako. Ukiona Send ambayo si yako, mtu ana maneno yako, na hakuna ofisi ya kuzirudisha. Hamisha kilichobaki kwa pochi mpya.

Yule jamaa ningemtumia maneno, angengoja siku 21 pamoja nami, kisha anitangulie kwa sekunde. Kungoja hakukuwa tatizo langu. Tatizo lilikuwa yeye.