Mguu Ufike Kabla ya Pesa

Labda saa hii una barua ya kazi ya ng'ambo kwenye simu yako, na mtu anakuhimiza utume pesa kabla ya Ijumaa. Labda umeshaanza kukopa. Mimi nimepita hapo. Nakuandikia nikimshukuru Mungu, ingawa hata leo simu ikilia na nambari nisiyoijua, moyo wangu hushtuka.

Tunakaa Voi. Baba watoto alipata ajali akiwa kwenye bodaboda yake, mguu ukavunjika, akawa wa kulala tu. Muda si mrefu hoteli niliyokuwa nikipika ikapunguza wafanyakazi, nami nikawa miongoni mwao. Mtoto wetu wa kwanza akarudishwa nyumbani kwa sababu ya karo. Tukawa tunakula kwa jasho la mama yangu. Ndipo dada mmoja tunayeimba naye kwaya akanipa nambari ya ajenti aliyekuwa akitafuta makeshia wa supamaketi huko Dubai. Mshahara dirhamu 1,500 kwa mwezi, malazi bure. Dada yule alinipa kwa moyo safi. Yeye pia alikuwa ametumiwa nambari hiyo na mwingine.

Barua ya kazi ilikuja siku hiyo hiyo. Ilikuwa na nembo, muhuri mwekundu, nambari ya leseni, na chini kabisa anwani: jina la jumba, Moi Avenue, Nairobi, na sanduku la posta. Shemeji yangu akanilipia 3,500 za kupimwa afya. Kisha wakataka 38,000 za viza, nazo zifike upesi, la sivyo nafasi yangu apewe mwingine. Mama akachukua akiba yake ya chama, akakopa juu yake, na mbuzi wake wakaanza kutafutiwa mnunuzi.

Jioni ile shemeji aliingiza nambari tuliyopewa kwenye M-Pesa. Kabla ya kumaliza, jina la mpokeaji likatokea. Lilikuwa jina la mwanamume mmoja tu. Si la kampuni, wala si la yule ajenti tuliyekuwa tukizungumza naye. Shemeji akasimamisha kidole. Akatutazama. Mama akasema, "Mwanangu, pesa hii haitoki hapa kabla ya mguu wa mtu wetu kufika kwenye hiyo ofisi."

Nilipoisoma tena ile anwani kwa utulivu, niliona kilichokosekana. Palikuwa na jumba, lakini hapakuwa na ghorofa wala nambari ya chumba. Jumba la katikati ya Nairobi lina milango mingi, na mtu hawezi kufika ofisini kwa jina la jumba peke yake. Sanduku la posta nalo si ofisi. Ni mahali pa kupokelea barua, na mwenye sanduku anaweza kuwa popote. Nikampigia ajenti, nikamuuliza ghorofa ya ngapi. Akanyamaza kidogo. Akasema, "Ukifika Moi Avenue nipigie, kijana wetu atashuka kukupokea."

Ndugu yangu, jibu hilo ulishike. Mwenye ofisi hukutajia mlango. Asiyekuwa nayo hutaka kukutana nawe barabarani, hotelini, au mapokezi ya jumba la watu, ili wewe uone ukubwa wa jumba na usiuone mlango wake.

Asubuhi nilienda kwa saiba. Kijana wa pale akanifungulia neaims.go.ke, tovuti ya Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, ile NEA, ambapo huwekwa orodha ya mawakala walioidhinishwa kupeleka Wakenya kazini ng'ambo. Tukatafuta jina lililo kwenye barua. Likatokea! Nililia kwa furaha mbele ya wateja. Kijana hakufurahi. Aliweka barua yangu kando ya kompyuta, akaonyesha kwa kalamu, mstari kwa mstari. Jina ni lile lile. Mtaa si ule. Nambari ya simu si ile. Anwani ya wakala aliyeidhinishwa ilikuwa Westlands, pamoja na ghorofa na chumba.

Hapo ndipo wengi hupotea, kwa sababu tunafundishwa kuangalia kama jina limo kwenye orodha, tukilikuta tunapumua. Tapeli naye anaijua orodha hiyo. Huchukua jina la kweli na nambari ya leseni ya kweli, kisha anabadilisha vitu viwili tu: simu na mahali. Kwa hiyo jina peke yake halitoshi. Na ukitaka kupiga simu kuuliza, usipige iliyo kwenye barua, maana hiyo itapokewa na yule yule. Piga iliyo kwenye orodha.

Nilipiga. Mama mmoja akapokea, akasema hawakuwa na nafasi za keshia, na hawana tawi Moi Avenue. Nikamrudia ajenti. Hakutetereka hata kidogo. "Huyo ni karani mgeni, hajui mambo ya tawi letu. Dada, utaipoteza bahati yako kwa maswali." Nami nilitaka sana kumwamini. Mume wangu yuko kitandani, mtoto yuko nyumbani, na sauti ile ilikuwa na uhakika kuliko ya yule mama. Tuliomba pamoja usiku, na mama akanikatia tiketi ya basi.

Nilifika Nairobi alfajiri. Shangazi yangu anayekaa Kayole alinipokea, tukaenda Moi Avenue bila kumpigia ajenti. Jumba lilikuwepo. Kubwa, kama kwenye picha aliyonitumia. Ukutani karibu na lifti kulikuwa na ubao wa majina ya wapangaji. Shangazi hasomi bila miwani, kwa hiyo nilimsomea mimi, kwa kidole, kutoka juu hadi chini. Wakili. Daktari wa meno. Fundi wa kompyuta. Duka la vipodozi. Nikarudia kutoka chini hadi juu. Jina letu halikuwepo.

Shangazi akamwendea askari wa mlangoni. "Baba, samahani, tunatafuta ofisi hii." Askari akaangalia barua. Hakuuliza kitu. Akasema, "Pole, mama. Wanakuja wengi na karatasi kama hii."

Nikaketi kwenye ngazi. Miguu haikunibeba. Kulikuwa na msichana mwingine ameketi pale na begi lake. Ametoka Kitui. Yeye alishalipa zote. Ameacha kazi. Amewaaga watu kwao. Alikuwa anapiga nambari ile ile ninayoijua kwa kichwa. Inaita. Inakatwa. Anapiga tena. Sikuweza kumwambia kitu. Niliwaza baba watoto. Niliwaza ile 3,500. Niliwaza Mungu yuko wapi. Ndiyo, niliwaza hivyo. Kisha nikawaza mbuzi wa mama, kama walikuwa bado zizini au wameshachukuliwa. Sikuweza kulia. Shangazi akaketi katikati yetu, akatushika mikono wote wawili, akaomba kwa sauti, watu wakipita.

Tuliondoka watatu mpaka Westlands. Ningetamani kila mtu aone ofisi ya kweli inavyojieleza yenyewe. Jina liko kwenye ubao wa chini, na liko tena mlangoni. Ukutani kulikuwa na kibali cha biashara cha kaunti na cheti cha NEA, vyote na tarehe ya kumalizika ambayo haijafika. Jina, mtaa na nambari ya chumba vilifanana kwenye karatasi zote. Yule mama aliyepokea simu yangu alitoka nje ya meza, akatukaribisha chai. Akasema jina lao linatumiwa na matapeli, nao wamekwisha kuripoti. Alimnyooshea msichana wa Kitui kitambaa, akakaa naye mpaka akatulia.

Kutoka hapo tulienda kituo cha polisi, tukapewa nambari ya OB. Tulipeleka ujumbe wa M-Pesa, barua, na nambari za simu. Ile 3,500 haikurudi. Za msichana wa Kitui pia, mpaka tulipozungumza mara ya mwisho, hazikuwa zimerudi. Kama umeshatuma pesa, piga simu kwa mtandao wako mara moja uombe muamala uzuiwe, kwa sababu matapeli huzitoa upesi sana.

Niliporudi nilienda ofisi ya leba ya kaunti, na afisa akanieleza mambo ambayo ningependa uyajue kabla hujapanda basi. Kwanza, kampuni kusajiliwa kwa Msajili wa Kampuni si ruhusa ya kupeleka watu ng'ambo. Mtu anaweza kukuonyesha cheti cha usajili cha kweli kabisa na asiwe na idhini ya NEA. Pili, Sheria ya Ajira ya 2007 inataka mkataba wa kazi ya nje uthibitishwe na afisa wa leba, kwa hiyo anayekuambia usipitie huko anakuficha kitu. Tatu, na hili liliniuma, sheria ya kazi ya Falme za Kiarabu ya 2021 inakataza mfanyakazi kutozwa gharama za kuajiriwa. Ile 38,000 ya viza ilipaswa kunishtua kabla hata ya anwani.

Kama uko mbali na Nairobi na huna nauli, usikate tamaa. Tafuta jamaa, mshirika wa kanisa, au mtoto wa jirani anayesoma huko. Utakayemtuma asiseme anatafuta kazi na asimpigie ajenti. Asome ubao wa wapangaji, amuulize askari au mwangalizi wa jumba mpangaji huyo amekaa pale tangu lini, apande mpaka mlangoni, akupigie picha ya cheti cha ukutani. Akiambiwa chumba kile hukodishwa kwa siku au kwa saa, asitosheke na meza na kompyuta alizoziona. Wapo wanaokodi chumba asubuhi, wakahoji watu, wakapokea pesa, na jioni wakarudisha ufunguo.

Nisikudanganye pia. Kuiona ofisi kunakuambia kwamba watu hao wapo na wanajulikana wapatikanapo. Hakukuambii mwajiri wa huko utakakoenda atakutendea vipi. Hilo lina maswali yake, na mkataba usomwe mbele ya mtu anayeelewa.

Baba watoto sasa anatembea kwa fimbo, amerudia bodaboda kidogo kidogo. Mimi ninapika chapati na maharagwe karibu na stendi, na Mungu ametupa wateja. Mama alirudisha pesa za chama zote, wenzake wakazihesabu mbele yake, na mbuzi hawakuuzwa. Mtoto alirejea shuleni muhula uliofuata.