Wakikuita Bwana na wewe ni mama

Kwa mkutano wetu wa juma lililopita mama mmoja aliuliza: mtu anayetafuta wafanyakazi akikuandikia barua na kukuita Bwana, utamjibu, ao utanyamaza ili usimuuzi kabla hajakupa kazi? Wengi walisema anyamaze. Mimi nilisema ajibu, tena siku ileile. Walinicheka kidogo, basi nimeomba nafasi hii nieleze kwa utulivu.

Majina yetu yenyewe ndiyo yanaleta shida. Hapa Kongo dosie ya mtu ina majina matatu. La kwanza ni jina lenyewe, la pili mara nyingi ni la baba ao la babu, na la tatu ni lile la ubatizo. Mwaka 1972, zamani za Zaire, majina ya kizungu yalikatazwa, ndipo watu wakashika hayo majina mawili ya kinyumbani. Kiisha 1990 majina ya ubatizo yakarudi juu ya karatasi, na yale mawili yakabaki. Sasa mtu wa biro anayeona majina matatu hajui daima lipi ndilo la kukuita. Na Bahati, Amani ao Baraka anaweza kuwa kaka ao dada. Katika Kiswahili hatuna shida, maana «amefika» ni baba, ni mama. Lakini barua za kazi zinaandikwa kwa Kifaransa, na pale lazima achague Bwana ao Madamu. Akikosa kujua, anaandika Bwana.

Mimi ni Bahati Mugisho Pascale. Mugisho ni jina la baba yangu. Pascale inaandikwa na «e» mwishoni, na ukiitamka haisikilizike. Ukiondoa hiyo herufi moja, mimi ni mwanaume kamili.

Miaka miwili nyuma, mbele ya likizo kubwa, shirika moja la misaada lilitafuta watu wa kufundisha walimu wa vituo vya kusomesha watu wazima, kwa juma 6. Nilipeleka dosie. Jumanne nikapata mesaji: «Bwana Pascal Mugisho, unaitwa kwa mtihani wa kuandika siku ya Ijumaa, saa tatu ya asubui.» Katika mstari mmoja kulikuwa makosa matatu: Bwana, herufi iliyopotea, na jina langu la kwanza halimo.

Mtu anaweza kusema: si kitu, nitafika na wataona kama mimi ni mama. Lakini wazeni jambo hili. Juu ya tangazo la kazi ile walikuwa wameandika kwamba wanawake wanaombwa sana kupeleka dosie, namna matangazo mengi ya mashirika yanavyosema. Basi kuna mtu pale anayehesabu: wanaume wangapi, wanawake wangapi. Kwa hesabu yake mimi nilikuwa kwa upande wa wanaume. Na liste ya mlangoni, anayoshika sentineli, inatoka ndani ya hesabu ileile. Na kontra inatoka humo, na feza inatoka kwa kontra. Kosa la Jumanne linatembea mpaka benki.

Nilijibu jioni ile. Ninaandika hapa maneno yenyewe, maana wengi waliniomba:

«Madamu, Bwana, nimepata mwaliko wenu na ninawashukuru. Nitafika Ijumaa saa tatu. Kwa ajili ya dosie, ninaomba muandike jina langu namna lilivyo juu ya kadi ya mchaguzi: BAHATI MUGISHO Pascale, mwanamke. Picha ya kadi iko pamoja na mesaji hii. Madamu Bahati.»

Angalieni mpango wake. Kwanza nilijibu kile walichouliza, kama nitafika. Mtu wa biro ana mesaji 100 za kusoma, anatafuta jibu hilo mbele ya yote. Kiisha nikaomba, sikushitaki. Sikuandika «mumekosea», wala «nilishangaa sana». «Kwa ajili ya dosie» inamtolea haya: tunatengeneza karatasi, hatuhukumu mtu. Sikuomba pia musamaha, maana sikukosa kitu, na mwenye kuomba musamaha juu ya jina lake anafanya wengine wazanie jina ndilo lenye shida. Majina mawili nimeyaandika kwa herufi kubwa na la ubatizo kwa herufi ndogo, ili aone ni lipi la kutanguliza. Na mwisho nikaweka «Madamu Bahati», hivi asitafute tena namna ya kuniita. Picha ya kadi inamaliza maneno.

Kesho yake alijibu: «Asante Madamu, imetengenezwa.» Nilifurahi, lakini nilipiga mesaji hizo mbili kwa karatasi na kuzitia ndani ya sakoshi. Ilifaa. Ijumaa liste ya mlangoni ilikuwa ileile ya zamani: «M. Mugisho Pascal». Sentineli akaniambia, «Mama, ngojea pembeni, sasa ni zamu ya papa mmoja.» Nilimuonyesha kadi na ile karatasi. Hakuwa na kosa, yeye anasoma kile alichopewa. Akaita kijana wa ndani, kijana akaandika kwa bik pembeni ya jina langu, nikaingia saa tatu na dakika kumi. Bila karatasi ile ningekuwa bado ninabishana inje wakati wenzangu wanaandika mtihani.

Kwa simu ni mambo mengine, na hapa wamama wengi wanapoteza kazi bila kujua. Mtu anapiga, anasikia sauti ya mwanamke, anasema: «Nipatie Bwana Bahati.» Anazani wewe ni bibi ya yule anayemtafuta. Jibu fupi linatosha: «Ni mimi mwenyewe Bahati. Ni mwanamke. Ninakusikiliza.» Na kama simu ile inashikwa pia na baba ya watoto ao na mtoto mkubwa, uwaambie mapema. Jirani yangu, fundi wa kushona, alipigiwa simu hivyo. Mume wake akajibu kwa upole kabisa, «Hapa hakuna Bwana wa jina hilo,» akakata. Hawakupiga tena.

Na «mama»? Wengine wananiuliza kama yafaa kumkosoa mkubwa wa kazi anayesema «karibu mama». Hapana. Kwetu mama ni heshima, hata msichana wa miaka 20 anaitwa mama sokoni. Kosa la kinywa linalopita hewani, ao mgeni anayeshindwa kutamka jina lako, uliache lipite. Ukimrudisha kila mara utamchokesha. Ninatengeneza kile kinachoandikwa, na kile kinachosemwa mbele ya wale watakaoamua. Siku ya maulizo, mkubwa wa wale watatu waliokaa mezani alisema, «Ah, tulikuwa tunangojea papa!» Nilicheka pamoja naye, nikasema, «Ni mimi Madamu Bahati, mwalimu.» Akarudilia «Madamu Bahati», tukaendelea. Kama angesema tena papa mara ya pili, ningengoja amalize ulizo lake, nijibu, na ndani ya jibu nijitaje: «Mimi kama mwanamke mwalimu, nimeona darasani kwamba…» Hivyo wote wanasikia na hakuna aliyepatishwa haya.

Kuitwa Madamu Fulani, kwa jina la mume wako, ni jambo ninalolitengeneza pia kwa karatasi, hata kama kanisani linanipendeza. Diploma yangu na kadi yangu hazina jina lake. Benki ikiona jina moja kwa kontra na lingine kwa konti, inaweza kurudisha feza, na utapanda na kushuka ngazi zao miezi miwili.

Nilipata kazi. Na hapo likaja kosa la tatu, lililokuwa gumu kwangu kuliko yote, kwa sababu lilikuwa tamu.

Kontra ilikuja na majina mazuri, Madamu, herufi «e» iko pale. Lakini chini waliandika kwamba mimi ni lisansie. Mimi nilimaliza gradwa, miaka mitatu ya chuo cha ualimu, G3. Lisansi wakati ule ilikuwa miaka miwili zaidi, na sikuifanya, maana mtoto wa pili alizaliwa. Mshahara wa lisansie ulipita wa gradwa kwa dola 80 kwa zile juma 6. Dada yangu akaniambia, «Si wewe uliyeandika. Mungu amekupa, nyamaza.» Dola 80 ni minervali ya mtoto, na mimi ninajua hesabu ya nyumba yangu.

Lakini kopi ya diploma yangu ilikuwa ndani ya dosie yao. Siku mkaguzi wa feza atakapofungua dosie, ataona G3 upande huu na lisansi upande huu, na chini ya kontra sahihi yangu. Hataita mtu wa biro, ataniita mimi. Na katika mji wetu mashirika yanaulizana habari za watu.

Sikuweka sahihi. Niliandika namna ileile ya kwanza: «Nimesoma kontra, ninawashukuru. Mbele ya kutia sahihi, ninaomba muandike cheo changu namna kilivyo juu ya diploma: gradwa, G3.» Walitaka kukata neno kwa bik na kuandika juu yake. Niliomba kwa upole wapige karatasi mpya, kwa sababu neno lililokatwa ndani ya kontra kila mtu anaweza kusema ni wewe uliyelikata. Walikubali. Dola 80 zikaondoka. Dada yangu hakunisemesha siku tatu.

Jambo moja wengi wanasahau. Kazi ikiisha wanakupa cheti kinachosema ulifanya nini na kwa muda gani. Kisome ukiwa bado mbele ya meza yao, jina, Madamu, cheo, tarehe. Changu kilitoka tena na «Pascal». Kijana wa biro alicheka mwenyewe mbele sijasema neno, akarudi kwa mashini yake, na safari hii alitia «e» kabla ya kuniuliza kama nitakunywa chai.