Kampuni Imesema, Nani Amepima?

Kwenye uzinduzi wa simu, ukurasa wa daftari langu naugawa kwa mstari wa wima. Kushoto yanaingia yote yanayosemwa jukwaani. Kulia hapaandikwi kitu mpaka apime mtu asiyelipwa na kampuni. Habari ya jioni hiyo, basi, hubeba maneno "kwa mujibu wa kampuni" karibu kila aya. Wahariri hulalamika kwamba yanaipooza habari. Siyaondoi.

Anayetaka kujua sababu namsimulia yaliyotokea mwaka 2018. Prosesa ikiachiwa ikimbie kwa nguvu zote, simu huchemka na chaji huisha upesi, kwa hiyo simu hujizuia yenyewe. Septemba mwaka huo waandishi wa AnandTech walieleza kuwa baadhi ya simu za Huawei na Honor zilikuwa zikijiachia pale tu zinapotambua programu maarufu ya kupima kasi. UL, watengenezaji wa kipimo cha 3DMark, wakazijaribu kwa toleo lao la ndani: kipimo ni kilekile, ila simu haikuweza kukitambua. Alama za toleo la hadharani zilizidi za ndani kwa hadi asilimia 47. Simu nne, zikiwemo P20 na P20 Pro, zikaondolewa kwenye orodha ya UL.

Kinachoniuma katika kisa hiki ni kwamba zile alama simu ilizipata kweli. Aliyezinakili hakuandika namba ya kubuni. Ila mnunuzi akifungua gemu lake, kasi ile haipo, maana gemu halimo kwenye orodha ya programu zinazotambuliwa.

Ndiyo maana simu ya kupima naitafuta dukani, siyo ile iliyoletwa ofisini na watu wa masoko. Kipimo kimoja nakirudia mfululizo kwa dakika 20, kisha nalinganisha mzunguko wa kwanza na wa mwisho. Tuseme wa kwanza umetoa alama 6,000 na wa mwisho 3,900: simu imebaki na asilimia 65 ya kasi iliyoanza nayo, na hiyo 65 ndiyo mchezaji wa gemu ataishi nayo. Baadaye nafungua gemu zito lenyewe nione kama picha zinakwama.

Joto la chumba nalo naliandika. Simu iliyopimwa kwenye maabara yenye kiyoyozi itajizuia mapema zaidi Dar es Salaam mwezi wa Februari, na msomaji wangu yuko Dar. Isitoshe, simu moja ni simu moja. Matokeo yakiwa ya ajabu naomba mwenzangu apime ya kwake kabla sijachapisha.

Kuna ahadi ambazo wiki moja haitoshi kuzipima. Kampuni ikisema betri itadumu miaka minne, nalichapisha dai hilo kama dai, na pembeni yake naandika: haijapimwa.